Utangulizi: Fangasi Aliye Ndani ya Unywele

Kila mwalimu wa darasa la pili anamjua mtoto huyu. Anakaa dawati la mbele, kichwa kimenyolewa, na kisogoni ana mabaka mawili matatu ya mviringo, yamepauka kama yaliyonyunyiziwa unga. Wenzake wameshampa jina la utani. Kenya mabaka hayo huitwa mashilingi, kwa kuwa yanafanana na sarafu. Tanzania wengi husema mapunye. Mama yake amejaribu ndimu, akajaribu kitunguu saumu, kisha akanunua tyubu ya dawa ya kupaka dukani. Kila dawa ilileta nafuu ya siku kumi, na kila mara mabaka yakarudi palepale.

Mtoto huyohuyo, mwaka jana, alipata choa shavuni. Tyubu ileile ilikimaliza kwa wiki tatu na hakikurudi tena. Fangasi wa shavuni na wa kichwani ni ndugu wa ukoo mmoja, na pengine ni yuleyule mmoja. Basi kwa nini dawa iliyomshinda shavuni ishindwe naye sentimita kumi tu juu yake?

Nimechagua swali hilo liwe mlango wa kuingilia katika elimu ya fangasi wa ngozi. Wanafunzi wengi huanzishwa na orodha ya majina ya vimelea, na wengi huishia hapo wamechoka. Mimi napendelea tuanze na unywele mmoja wa mtoto mmoja. Atakayeelewa kinachotokea ndani ya unywele huo ataweza mwenyewe kueleza kwa nini kichwa kinahitaji vidonge, kwa nini vidonge humezwa kwa wiki nyingi, na kwa nini wembe wa kinyozi hautibu kitu.

Mlaji wa vitu vilivyokufa

Fangasi wanaotuhusu hapa wana chakula kimoja: keratini. Hii ni protini ngumu inayounda tabaka la juu kabisa la ngozi, kucha na nywele. Vyote vitatu ni vitu ambavyo mwili umeshamaliza kuvitengeneza. Seli zake zimekufa na kukauka. Fangasi huyu ana vimeng'enya vya kuiyeyusha keratini na kuila, lakini hana uwezo wa kuishi katika nyama hai yenye damu. Tabia hiyo moja inaeleza karibu kila kitu kitakachofuata, kwa hiyo msomaji aishike.

Sasa tuutazame unywele. Unatoka katika kishimo chembamba kinachozama kwenye ngozi ya kichwa kiasi cha milimita nne hivi. Chini kabisa ya kishimo kuna kivimbe kidogo chenye seli hai, zinazolishwa na mishipa ya damu. Seli hizo hugawanyika bila kupumzika, zikisukumana kuelekea juu. Zinapopanda kidogo hujaa keratini, hukauka, hufa, na kuwa unywele tunaouona. Yaani unywele hukua kwa kusukumwa kutoka chini, kama dawa ya meno inavyotoka kwenye tyubu yake. Hauongezeki kwenye ncha.

Chembe za fangasi huanza kwa kutua juu ya ngozi ya kichwa. Zinaota kama nyuzi, zinatambaa hadi kwenye mdomo wa kishimo, zinateremka, kisha zinautoboa unywele. Huko huendelea kuteremka hadi pale keratini inapoanzia, na hapo husimama, kwa sababu chini yake kuna seli hai zisizolika. Mpaka huo huitwa pindo la Adamson, kwa jina la daktari wa Kiingereza aliyeueleza. Unywele unasukumwa kwenda juu, na nyuzi za fangasi zinashuka kwa kasi ileile. Mtu akipanda ngazi ya umeme inayokwenda juu huku yeye akiteremka kwa mwendo sawa na wa ngazi, atabaki palepale. Ndivyo fangasi anavyobaki mahali pake mwezi baada ya mwezi, huku akiacha nyuma unywele uliojaa vijimbegu.

Wanaoshika kichwa wako wa makundi mawili makubwa. Kundi la mikrospora hufunika pia unywele kwa nje kama ala, na unywele hukatika milimita chache juu ya ngozi. Mabaka yake huwa ya kijivu, kama shamba lililofyekwa vibaya. Kundi la trikofitoni wa kichwani hujaza unywele kwa ndani, kama gunia lililosheheni choroko, hadi hauna nguvu tena na hukatika usawa wa ngozi. Kwenye ngozi hubaki nukta nyeusi. Afrika Mashariki kundi hili la pili ndilo linaloonekana zaidi, hasa aina ambayo ikioteshwa maabara hutoa rangi ya zambarau. Hutoka kwa binadamu kwenda kwa binadamu, tofauti na aina nyingine zinazoletwa na paka au ng'ombe. Ndiyo maana bweni, kofia ya kuazimana, kitana cha familia na mashine ya kunyolea vinahusika sana.

Na kwa nini watoto? Tangu balehe, tezi za kichwani hutoa mafuta mengi zaidi, na baadhi ya asidi zilizomo katika mafuta hayo humzuia fangasi. Mtoto wa miaka mitatu hadi kumi na miwili bado hana kinga hiyo.

Kusoma kichwa

Mapunye yana dalili mbili zinazokwenda pamoja: nywele zinapungua kwa mabaka, na ngozi ya pale inabanduka magamba. Ukiona moja bila ya nyingine, punguza mwendo.

Nywele zikitoka na kuacha ngozi laini, inayong'aa, isiyo na gamba lolote, fikiria ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe hushambulia mizizi ya nywele. Nywele zikiwa zimepungua pembeni, kwenye paji na juu ya masikio, kwa msichana anayesukwa kwa kuvutwa, chanzo ni msuko. Magamba yakiwa yametapakaa kichwa kizima bila nywele kukatika, mba huja akilini. Lakini hapa kuna mtego: mapunye nayo huweza kujifanya mba. Mba halisi ni nadra kwa mtoto wa umri wa shule ambaye hajabalehe, kwa hiyo mtoto wa miaka saba mwenye "mba" achunguzwe fangasi kwanza. Kisha pitisha vidole nyuma ya shingo. Tezi zilizovimba pale, pamoja na magamba na nywele zilizokatika, huongeza sana uhakika.

Mtoto aliyenyolewa jana ni kitabu kilichofungwa, kwa kuwa kila unywele umekatwa usawa mmoja. Akiachwa wiki moja, nywele nzima hupanda na zilizovunjika hubaki kama nukta au huonekana zimejikunja kama mkato wa sentensi.

Uthibitisho hauhitaji mashine kubwa. Kwa upande butu wa kisu cha maabara, kwangua magamba kwenye ukingo wa baka, na ung'oe vipande vya nywele zilizokatika. Unywele mrefu wenye afya hauna la kusema. Weka kwenye kioo, dondoshea potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20, funika, subiri dakika kadhaa keratini ilainike, kisha tazama kwa hadubini. Utaona vijimbegu vya mviringo vimepangana ndani ya unywele au kuuzunguka. Kuotesha maabara kunaweza kuchukua hadi wiki nne, kwa hiyo matibabu hayasubiri majibu hayo ikiwa dalili ziko wazi. Taa ya Wood, yenye mwanga wa urujuanimno, huwafanya mikrospora wa kawaida wang'ae kijani. Trikofitoni wetu hawang'ai. Kwa hiyo hapa kwetu taa isipoonyesha kitu, haijathibitisha kwamba fangasi hayupo.

Mahali ambapo marhamu haifiki

Sasa turudi kwenye swali la mlangoni. Shavuni, fangasi anaishi katika tabaka la juu la ngozi, tabaka jembamba kuliko karatasi. Marhamu ikipakwa hulipenya lote na kumkuta. Ikiendelea kupakwa wiki mbili hadi nne, ngozi ya zamani inabanduka na fangasi anakosa pa kukaa.

Kichwani marhamu ileile inafanya kazi ileile, lakini kwa sehemu tu. Inasafisha magamba ya juu. Kuwashwa kunapungua, unga unatoweka, mama anafurahi. Lakini fangasi aliye milimita tatu chini, tena ndani ya unywele, amelindwa mara mbili. Kwanza ni kina cha kishimo, ambacho dawa ya kupaka hukiingia kidogo tu mdomoni. Pili ni gome la unywele wenyewe, lililopangwa kama vigae vya paa ili kuzuia vitu vya nje visipenye. Tyubu ikiisha, fangasi wa chini anapanda upya juu ya ngozi safi. Mzazi anasema ugonjwa umerudi. Kusema kweli haukuwa umeondoka.

Wembe nao hukata juu ya ngozi, na adui yuko chini yake. Kunyoa hupunguza vijimbegu vya nje na hurahisisha kuosha, lakini hakugusi kishimo. Ndimu na mafuta ya taa huishia palepale marhamu inapoishia, na huongeza jeraha.

Mbaya kuliko zote ni tyubu za mchanganyiko zenye dawa kali ya aina ya steroidi. Hizi huzima wekundu na kuwashwa haraka kuliko marhamu yoyote, kwa sababu hunyamazisha kinga ya ngozi. Fangasi hubaki bila askari wa kumzuia, na baka hupanuka likiwa kimya, hadi sura yake inakuwa ngumu kutambulika.

Iko njia moja tu ya kufika ndani ya unywele, nayo ni ile inayotumiwa na unywele wenyewe: kutoka chini, kupitia damu. Kidonge kikimezwa, dawa huingia katika damu, hufika kwenye kivimbe cha seli hai, na kuingia ndani ya seli zinazokaribia kuwa keratini. Unywele unaotengenezwa tangu siku hiyo unakuwa na dawa ndani yake. Fangasi anayeshuka anakutana na kipande asichoweza kukila, na ngazi ya umeme inamsukuma kwenda nje.

Miaka ya kung'oa

Watu walijua tatizo liko ndani ya unywele muda mrefu kabla ya kupata dawa. Mwaka 1837 Robert Remak, huko Ujerumani, aliona nyuzi katika magamba ya aina moja ya mapunye. Miaka michache baadaye David Gruby, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Paris, aliwaeleza fangasi wa kichwa mmoja mmoja. Mwaka 1843 alimwandika mikrospora. Ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza kuonyeshwa kwamba kiumbe kidogo kinaweza kuleta ugonjwa kwa binadamu.

Kujua hakukuleta tiba. Kwa kuwa dawa haikufika ndani ya unywele, njia iliyobaki ilikuwa kuung'oa unywele. Zamani hizo watoto walibandikwa kofia za lami kisha zikavutwa pamoja na nywele. Mwanzoni mwa karne ya 20, Raymond Sabouraud wa Paris, aliyeandika kitabu kikubwa cha mapunye mwaka 1910, alieneza njia ya eksirei: mionzi ilipigwa kichwani hadi nywele zote zikaanguka zenyewe, zikiondoka na fangasi. Ilifaulu, na ilitumika kwa miaka 50. Maelfu ya watoto walipigwa mionzi, kwa wingi mno nchini Israeli baada ya 1948. Walipofuatiliwa ukubwani, waligundulika kupata saratani ya tezi ya shingo na uvimbe wa ubongo zaidi ya wenzao.

Dawa yenyewe ilikuwa imeshapatikana. Griseofulvini ilitolewa mwaka 1939 kutoka kwa ukungu wa jamii ya penisilia, na kwa miaka karibu ishirini ilitazamwa zaidi kama dawa ya mimea. Mwaka 1958 James Gentles, mjini Glasgow, aliwapa simbilisi wa maabara wenye choa wameze, wakapona. Mwaka huohuo binadamu walianza kutibiwa. Tangu hapo hapakuwa na haja ya kuung'oa unywele mbovu. Unywele mzima ulioteshwa chini yake, ukausukuma nje.

Wiki nane za Athumani

Tumchukue mtoto mmoja wa mfano, tumwite Athumani. Ana miaka minane, kilo 25. Ana mabaka matatu yenye magamba na nukta nyeusi, tezi mbili nyuma ya shingo, na hadubini imeonyesha vijimbegu ndani ya unywele.

"Daktari, mimi nilitaka dawa ya kupaka tu," anasema mama yake. "Vidonge vya miezi miwili kwa mapunye si vingi mno?"

Ni swali la haki, na hesabu inalijibu. Griseofulvini hutolewa miligramu 20 kwa kila kilo kwa siku. Vitabu vya zamani huandika 10, na wengi waliopewa kiasi hicho hawakupona. Kwa kilo 25 tunapata miligramu 500: kidonge kimoja cha 500, au vinne vya 125. Dawa hii haiyeyuki vizuri katika maji na huhitaji mafuta ili ifyonzwe, kwa hiyo Athumani atameza baada ya chakula chenye mafuta. Maziwa, uji wa karanga au chapati vinatosha. Akimeza kwa chai ya rangi tumboni patupu, sehemu kubwa ya dawa itapita na kutoka.

Sasa tuhesabu siku. Unywele wa kichwa huota kama sentimita moja kwa mwezi, na nywele za kipilipili pungufu kidogo ya hapo. Yaani milimita moja huchukua siku tatu au nne. Kutoka pindo la Adamson hadi usawa wa ngozi ni milimita tatu au nne. Kwa hiyo kipande cha kwanza chenye dawa hakitoki nje kabla ya takribani wiki mbili. Siku ya kumi mama akitazama kichwa haoni tofauti kubwa, ilhali ndani kazi imeshafika nusu. Wengi huacha hapo.

Na wiki mbili hazitoshi. Griseofulvini humzuia fangasi kugawanyika, lakini haimuui. Ikikatizwa mapema, aliyebaki huamka. Nywele nazo hazioti kwa mwendo mmoja, na baadhi zimepumzika. Ndiyo maana tunakwenda wiki sita hadi nane.

Ipo dawa ya pili, terbinafini. Hii humuua fangasi kwa kuharibu utando wa seli zake, na hubaki katika keratini muda mrefu. Mtoto wa kilo 20 hadi 40 hupewa miligramu 125 kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha 250, kwa wiki nne. Kwa trikofitoni, ambaye ndiye tunayemshuku kwa Athumani, inafanya kazi vizuri. Kwa mikrospora griseofulvini huishinda. Kwa hiyo kujua nani yuko ndani ya unywele kuna faida ya fedha na ya muda. Athumani anaanza griseofulvini kwa sababu ndiyo iliyopo kwenye kituo chake.

Dawa ya kichwani haijatupwa, imepewa kazi inayoiweza. Shampuu ya ketokonazoli asilimia 2 au ya seleniamu salfaidi, mara mbili kwa wiki, ikiachwa kwa dakika tano kabla ya kusuuzwa, hupunguza vijimbegu vinavyomwagika kwenye foronya, kitandani na darasani. Humlinda jirani huku kidonge kikimtibu mgonjwa. Athumani anaendelea na shule tangu siku anapoanza dawa.

Wiki ya pili mama anarudi na wasiwasi. Vipele vidogo vinavyowasha vimetokea usoni na mabegani. Hayo mara nyingi ni majibu ya kinga kwa fangasi anayeshindwa, wala si mzio wa dawa, na vidonge vinaendelea. Ingekuwa amevimba uso, amepata vidonda mdomoni au homa, tungesimamisha mara moja. Baadhi ya watoto huumwa kichwa au tumbo, na ngozi huweza kuchomwa na jua kwa urahisi zaidi. Mtoto mwenye ugonjwa wa ini hapewi griseofulvini.

Wiki ya nne magamba yamekwisha na nywele fupi laini zimeota kwenye mabaka. Hapa ndipo penye kishawishi kikubwa cha kuacha, kwa sababu jicho limeridhika. Tunakwangua tena. Hadubini bado inaonyesha unywele mmoja wenye vijimbegu. Athumani anaendelea, na wiki ya nane kioo ni safi. Kupona kunathibitishwa na hadubini. Pale isipokuwepo, dawa imalizwe muda wote hata kama kichwa kimependeza.

Ikishindikana

Vidonge vikishindwa, usiharakishe kumlaumu fangasi kuwa sugu. Uliza kwanza kama vilimezwa, na kwa chakula gani. Mpime mtoto uzito upya, maana aliyekadiriwa kwa macho mara nyingi hupewa pungufu. Kisha tazama vichwa vya nyumbani. Dada mkubwa asiye na baka lolote anaweza kubeba vijimbegu kichwani na kumrudishia mdogo wake kila Jumamosi wanapochanana. Wote nyumbani waoshwe kwa shampuu ileile, na mwenye dalili atibiwe kwa vidonge. Vitana vichemshwe au vibadilishwe. Kinyozi asafishe meno ya mashine kwa brashi kwanza, ndipo ayatie dawa, kwa kuwa dawa haipenyi rundo la nywele zilizokwama.

Kosa moja naliweka peke yake, kwa sababu nililishuhudia nikiwa kijana na sikulisahau. Mtoto aliletwa na uvimbe mkubwa kichwani, mlaini, unaotoka usaha kwenye matundu mengi. Ulionekana jipu, ukapasuliwa. Usaha uliotoka ulikuwa kidogo, na mtoto akabaki na kovu lisiloota nywele. Ile ilikuwa kerioni, jina la Kigiriki lenye maana ya sega la nyuki: mapunye ambayo mwili umeyashambulia kwa hasira. Kinachoitofautisha na jipu ni nywele zinazong'oka kwa kuguswa bila maumivu, na matundu mengi badala ya kichwa kimoja. Tiba yake ni vidonge vilevile vya fangasi, mapema, kabla kovu halijafunga vishimo daima. Kisu hakina kazi hapo.

Mlango ulio wazi

Elimu hii ina walimu wake hapa kwetu. Tangu 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi, kilichoko katika hospitali ya KCMC, kimekuwa kikiwafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, na wengi wao hufanya kazi mahali ambapo kisu butu, kioo na hadubini ndiyo maabara yote. Vifaa hivyo vinatosha kuanza.

Siku Athumani alipomaliza dawa, mama yake alitoa swali la mwisho. Baba mtu ana kucha ya dole gumba la mguu iliyokuwa nene na ya njano kwa miaka, na pia ana choa kiunoni. Je, naye anunue vidonge, au hii tyubu iliyobaki inamtosha?

Msomaji ajaribu kujibu kabla hajafungua sura ya kwanza. Choa kiko juu ya ngozi, tyubu itakifikia. Kucha ni keratini nene inayosukumwa kutoka kwenye mzizi ulio hai, na fangasi amejificha chini yake. Atahitaji dawa ya kumeza. Na kwa kuwa kucha ya mguu huota polepole kuliko unywele, ataimeza terbinafini kwa wiki kumi na mbili, ambapo mwanawe angeimeza kwa nne.